Agizo la benki lililokwama tarehe 1: barua ya mpangaji wa Tudor kwa mwenye nyumba wake

Alifika kibandani kwangu Jumatatu tarehe 8, saa tano kasoro robo asubuhi. Nachapa barua za watu karibu na Posta Kuu, Barabara ya Digo, na wateja wengi huja na karatasi mkononi. Huyu alikuja na simu tu. Ni karani katika yadi ya makontena upande wa Changamwe, ana mke na watoto wawili, na amepanga nyumba ya vyumba viwili Tudor kwa shilingi 18,000 kwa mwezi. Alitaka nimwandikie "barua fupi ya kumtuliza Mama."

Mama ni mwenye nyumba wake, mjane anayeishi Kibokoni. Mpangaji amemzoea, humwita Mama naye humwita mwanangu, na katika miaka mitatu hawajawahi kukosana. Kodi inatakiwa iwe imefika kabla ya tarehe 5. Kijana ameniruhusu nikisimulie kisa hiki mradi nisitaje majina wala benki, nami nakisimulia kwa sababu naona barua za namna hii zikiharibika kila mwezi mahali palepale.

Kabla ya kuandika neno, nilimwomba anisikilizishe alichotumiwa. Ilikuwa sauti ya Mama kwenye Watsapu, ya asubuhi ileile: "Mwanangu, nimetoka benki saa hii. Wameniambia hakuna pesa yoyote iliyotoka kwako. Niandikie, nijue ni lini."

Nikamuuliza kwa nini Mama alikwenda benki kutafuta pesa ambazo hazijatumwa. Akanyamaza kidogo, kisha akanieleza. Jumamosi tarehe 6 Mama alipiga simu kusema mwezi huu hajaona kitu. Naye, akiwa sokoni na mkewe pembeni, akajibu: "Shikamoo Mama, nishatuma, ni mtandao wa benki unasumbua." Mama akamwamini, na Jumatatu benki zilipofunguliwa akapanga foleni kuulizia.

Hapo ndipo nilipojua kwamba barua fupi ya kumtuliza haitafaa. Deni la shilingi 18,000 lililochelewa siku tatu ni jambo dogo. Neno alilolisema Jumamosi ndilo lililokuwa kubwa, kwa sababu ushahidi wowote wa benki ambao angeuleta ungelikanusha.

Tukaanza na kilichotokea hasa. Kodi yake hulipwa kwa agizo la kudumu: aliijaza fomu benki mara moja, na tangu hapo kila tarehe 1 benki hutoa shilingi 18,000 kwenye akaunti yake na kuzipeleka kwenye akaunti ya Mama. Mshahara wake, shilingi 46,200 baada ya makato, huingia kati ya tarehe 28 na 30, kwa hiyo agizo hukuta pesa zimekwisha kufika. Mwezi huu mwajiri alichelewa. Alibandika tangazo kwamba atalipa nusu kwanza, na nusu ya pili Ijumaa tarehe 12. Asubuhi ya tarehe 1 agizo likakuta shilingi 6,340. Agizo la kudumu halichukui nusu au robo. Ama linatoa kiasi chote kilichoandikwa, ama halitoi kitu. Halikutoa kitu. Benki ikamtumia ujumbe mfupi wa Kiingereza kwamba agizo halikulipwa kwa kuwa salio halikutosha. Ujumbe ulikuwepo kwenye simu, umefunikwa na matangazo ya mikopo na bahati nasibu. Hakuwa ameusoma.

Nusu ya mshahara, shilingi 23,100, iliingia Alhamisi tarehe 4. Alipoona salio, baada ya tozo na matumizi ya siku zile, limekuwa 26,940 alidhani kodi itakatwa yenyewe. Watu wengi wanaamini hivyo, kwamba agizo lililoshindwa linakaa mlangoni likisubiri pesa ziingie. Ziko benki zinazojaribu tena siku inayofuata au siku kadhaa, na ziko zinazojaribu mara moja tu na kuacha mpaka mwezi ujao. Yake ni ya mara moja. Tarehe 5 akalipa karo shilingi 9,000, akabaki na 17,940. Zilipungua shilingi sitini tu kutimiza kodi, na yeye wala hakutambua. Siku hiyohiyo akampelekea mamake mzazi 3,000, kisha tokeni za stima na chakula 1,500. Asubuhi ile alipokaa mbele yangu alikuwa na 13,440.

Akafungua simu kunionyesha ushahidi aliotaka kuuambatisha, picha ya ule ujumbe mfupi. Nikamwambia huo pekee hautoshi. Ujumbe mfupi hauna jina lake, hauna nambari ya akaunti, na mtu yeyote anaweza kujiandikia maneno kama yale kisha akayapiga picha. Mama ana mtoto wa kiume anayefanya kazi ofisini na ndiye anayemsomea karatasi zake. Huyo ndiye atakayeiona kwanza.

Basi tukafungua taarifa ya akaunti kwenye programu ya benki, tukakuta jambo ambalo huwashangaza wengi: shilingi 18,000 hazimo kabisa. Taarifa ya akaunti huandika pesa zilizoingia na zilizotoka. Malipo yaliyoshindikana hayakutoka, kwa hiyo hayana mstari wao. Kilichokuwepo tarehe 1 ni mstari mmoja mdogo, `S/O UNPAID CHARGE`, shilingi 500. Hiyo ni tozo ambayo benki yake hukata agizo linapokosa pesa. Huo mstari wa shilingi 500 ndio ushahidi. Unaonyesha kwamba agizo lilikuwepo, lilijaribiwa tarehe 1, na lilikosa. Pembeni yake kuna salio la siku ile, ambalo linaeleza kwa nini lilikosa. Mtu asiyejua atampelekea mwenye nyumba taarifa nzima bila kuugusa mstari huo, na mwenye nyumba atatafuta 18,000, asizione, aseme: mbona hapa hakuna kitu?

Nilimtuma tawini kwake, si mbali na kwangu. Nilimwomba alete vitu viwili na aulize swali moja. Kitu cha kwanza ni taarifa ya akaunti kuanzia tarehe 1 hadi 8, iliyochapishwa na kupigwa muhuri wa tawi. Cha pili ni maandishi ya benki, hata yawe mistari miwili, yanayosema agizo la shilingi 18,000 kwenda akaunti ya mwenye nyumba halikulipwa tarehe 1 na kwa sababu gani. Swali lilikuwa: je, agizo hili litajaribiwa tena mwezi huu? Swali hilo linaonekana la pembeni, lakini kama benki ingekuwa ya kujaribu tena, angeweza kulipa kwa mkono leo na benki ikatoa 18,000 nyingine kesho pesa zikiingia. Nimewahi kumwandikia mtu barua ya kuomba kurudishiwa kodi iliyolipwa mara mbili, na kurudishiwa kunachukua muda mrefu kuliko kulipa.

Alirudi saa nane na karatasi mbili zenye muhuri, alizozilipia kwa kila ukurasa. Jibu la swali lilikuwa hapana, mpaka tarehe 1 ya mwezi ujao.

Sasa ukaja mjadala uliotuchukua muda kuliko barua yenyewe. Alitazama taarifa ile na kuona yote aliyoyafanya na pesa zake wiki ile. Akaniuliza kama tunaweza kuikata ikomee tarehe 1. Nilimwelewa. Hakuna anayependa mwenye nyumba ajue anampelekea mamake kiasi gani. Nikamwambia ana haki ya kufunika mistari isiyohusu kodi. Tunapotoa nakala tunaweka kipande cha karatasi juu ya maelezo ya mstari huo, na nambari ya akaunti tunaifunika ibaki tarakimu nne za mwisho. Visivyofunikwa ni jina lake, tarehe, mstari wa tozo, mstari wa mshahara, na safu ya salio kutoka juu hadi chini. Salio likifunikwa hata mara moja, msomaji atajiuliza lilikuwa ngapi hapo, na karatasi nzima itakuwa imepoteza kazi yake. Na kufunika kunafanywa kwenye nakala, waziwazi, kila mtu aone kuwa pamefunikwa. Ile yenye muhuri inabaki vilevile, tayari kuonyeshwa. Kubadilisha tarakimu kwenye faili la benki kabla ya kulichapisha ni kughushi hati, kosa la jinai chini ya Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63. Nalitaja kwa sababu wako wanaokuja kuniomba niwafanyie, nami huwarudisha.

"Lakini salio likionekana," akasema, "Mama ataona tarehe 4 nilikuwa na ishirini na sita elfu."

Ataona, nikamwambia, kwa hiyo barua imwambie kabla hajaona. Mtu akilikuta mwenyewe kwenye safu ya tarakimu, kila neno lingine ulilomwandikia atalisoma kwa jicho lingine. Akilisoma kwako kwanza, taarifa ya benki inakuwa shahidi wako badala ya shahidi wake.

Ikabaki tarehe. Yeye alitaka tuandike "wiki ijayo, inshallah." Tarehe ya kulipa haiwezi kuwa wiki, kwa sababu Mama hatajua siku gani aanze kuwa na wasiwasi. Tukahesabu. Mwajiri ameahidi Ijumaa tarehe 12. Mishahara ya kampuni nyingi hutumwa kwa mafungu kupitia nyumba ya hundi, mahali mabenki yanapobadilishana malipo, na njia hiyo haifanyi kazi Jumamosi, Jumapili wala sikukuu. Fungu likitumwa Ijumaa jioni, huenda lisionekane kwenye akaunti yake mpaka Jumatatu tarehe 15. Ongeza siku moja ya yeye mwenyewe kutuma. Hiyo ni Jumanne tarehe 16.

Hata hivyo tarehe 16 ilikuwa bado imesimama juu ya ahadi ya mtu mwingine, na mtu huyo tayari amechelewa mara moja mwezi huuhuu. Nikamuuliza: nusu ya pili isipoingia, shilingi zitatoka wapi? Akafikiri, akataja chama chao cha Tudor, kina mfuko wa dharura. Nikamwambia apige simu palepale. Mweka hazina akamjibu kwamba akizihitaji Jumatatu jioni atapewa, azirudishe mshahara ukitoka. Sasa tarehe ilikuwa na miguu miwili.

Na kwa sababu alikuwa na 13,440 mkononi, tukaona hakuna haja ya kumwandikia Mama ahadi tupu. Alituma shilingi 10,000 akiwa ameketi kibandani, kwa PesaLink. Njia hiyo ya mabenki, iliyoanza mwaka 2017, hupeleka pesa kutoka akaunti moja hadi nyingine kwa muda mfupi, usiku na mchana, na hutoa nambari ya kumbukumbu papo hapo. Kabla ya kubonyeza nilimwambia asome jina la mpokeaji linalotokea kwenye skrini, kwa sauti, mpaka mwisho. Zikabaki kwake 3,440 za kufika nazo hadi Jumatatu. Nilimuuliza kama zitatosha kwa chakula na nauli ya kwenda Changamwe, maana mtu akitoa zote kwa aibu, siku tatu baadaye atakopa mahali pabaya. Alisema zitatosha. Aliwaza pia kumwomba Mama akate salio kwenye amana aliyoweka alipoingia. Hilo nilimkataza. Amana ni ya siku ya kuhama na uharibifu wa nyumba. Akiomba iliwe sasa, anamfanya Mama afikiri anajiandaa kuondoka.

Hii ndiyo barua, kama ilivyotoka, bila majina.

Tudor, Mombasa
Jumatatu, tarehe 8

Kwa Mama,

Assalaam aleikum. Shikamoo. Natumai hujambo na wa nyumbani hawajambo.

Kodi ya mwezi huu, shilingi 18,000, haijakufikia kwa sababu haikutoka kwenye akaunti yangu. Benki ilijaribu kuitoa tarehe 1 kwa agizo la kudumu kama kila mwezi, ikakuta shilingi 6,340, ikaacha. Mshahara wangu ulikuwa haujaingia. Nakala ya karatasi ya benki yenye muhuri naiambatisha. Nimeweka alama kwenye mstari wa shilingi 500, ambazo benki ilinikata siku hiyo kwa sababu agizo lilikosa pesa.

Jumamosi tarehe 6 nilikwambia kwa simu kwamba nimekwisha kutuma na mtandao wa benki unasumbua. Hayo hayakuwa kweli. Sikuwa nimetuma. Nakuomba radhi kwa kukwambia hivyo, na kwa kukusumbua kwenda benki leo asubuhi.

Utaona pia kwamba tarehe 4 niliingiziwa nusu ya mshahara, na siku hiyo nilikuwa na pesa za kutosha kukulipa. Nilidhani benki ingezikata yenyewe. Haikukata, nami sikuhakikisha. Tarehe 5 nililipa karo, na zilizobaki hazikutimia kodi.

Leo nimekutumia shilingi 10,000 kwenye akaunti yako. Nambari ya kumbukumbu iko kwenye karatasi ya tatu. Ninabaki na deni lako la shilingi 8,000.

Shilingi 8,000 hizo zitakuwa kwenye akaunti yako kabla ya saa sita mchana Jumanne tarehe 16. Nusu ya pili ya mshahara imeahidiwa Ijumaa tarehe 12. Isipoingia hadi Jumatatu jioni, nitazichukua kwenye chama chetu, na nimekwisha kukubaliwa. Kwa hiyo siku haitabadilika.

Maelezo niliyoyafunika kwenye nakala ni matumizi ya nyumbani. Ukitaka kuiona karatasi yenyewe nitakuletea.

Wako mpangaji,
nyumba nambari 4, ghorofa ya pili

Viambatisho: taarifa ya akaunti tarehe 1 hadi 8, maelezo ya benki kuhusu agizo lililoshindikana, uthibitisho wa shilingi 10,000 za leo.

Sentensi ya "Hayo hayakuwa kweli" tuliiandika mara tatu. Kwanza alitaka iwe "kulitokea kutoelewana." Kisha akataka "nilidhani imekwisha kutoka." Hii ya pili ilikaribia kuwa kweli, maana tarehe 4 kweli alidhani. Lakini Jumamosi alikuwa na salio kwenye simu yake na hakulitazama. Alisema ametuma bila kujua kama pesa zimetoka. Nilimwachia kalamu achague mwenyewe, kwa kuwa barua ni yake na jina litakalotiwa sahihi ni lake. Alikaa kimya, akaangalia magari ya Digo kwa muda, kisha akasema niandike kama ilivyo.

Barua kama hii ina uzito wake mahakamani, nami huwaeleza wateja kabla hawajatia sahihi. Ni ungamo la deni kwa maandishi. Ndiyo maana kiasi kimeandikwa kamili: 18,000, ambapo 10,000 zimelipwa, zinabaki 8,000. Ukiandika "kodi ninayodaiwa" bila tarakimu, anayesoma anaweza kujaza yake. Pia haimzuii mwenye nyumba kudai haki yake. Nyumba ya shilingi 18,000 haimo katika Sheria ya Udhibiti wa Kodi, Sura ya 296, ambayo hugusa nyumba ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Kinachowaongoza wawili hawa kwanza ni mkataba wao. Na Sheria ya Kukamata Mali kwa ajili ya Kodi, Sura ya 293, inampa mwenye nyumba anayedai nafasi ya kutumia dalali mwenye leseni. Mpangaji akijua hayo hataandika barua kana kwamba kuomba muda ni sawa na kupewa muda. Hapa Mama hakuwa amesema lolote la dalali. Alikuwa ameuliza lini.

Tulichapa nakala mbili. Moja akaipeleka Kibokoni kwa mkono jioni ileile akitoka kazini, nyingine akamwomba Mama aandike chini yake "nimepokea" na tarehe. Picha kwenye Watsapu nilimwambia aitume baadaye, kwa ajili ya mtoto wa Mama, isiwe ndiyo barua. Mtu mzima uliyemdanganya kwa simu haombwi radhi kwa simu.

Aliniambia baadaye kwamba Mama alimkaribisha kahawa, akampa barua mwanawe asome kwa sauti, na walipofika pale pa Jumamosi mwanawe akasita, akamtazama mama yake. Mama akamwambia aendelee. Alipomaliza, Mama aliuliza jambo moja tu: shilingi 500 za benki zilikatwa kwa nani? Akaambiwa, kwa mpangaji. Akatia sahihi.

Nusu ya pili ya mshahara haikuingia Ijumaa, wala Jumatatu. Iliingia Jumatano tarehe 17. Jumatatu jioni alikwenda kwa mweka hazina wa chama, Jumanne saa tatu asubuhi shilingi 8,000 zikawa kwa Mama, na Jumatano akazirudisha chamani. Tungeandika tarehe 12, au hata tarehe 16 kwa kumtegemea mwajiri peke yake, angekuwa sasa ana ahadi mbili zilizovunjika na barua iliyotiwa sahihi inayozithibitisha.

Kulikuwa na jambo ambalo sikukubali liingie kwenye barua ile ingawa yeye alilitaka: kuomba siku ya kodi isogezwe mbele, maana mwajiri anaonekana atachelewa tena. Ombi ni la haki, lakini halikai karatasi moja na msamaha. Mama angesoma radhi yote kama njia ya kufikia ombi. Tulisubiri hadi 8,000 zilipofika, kisha akaenda mwenyewe kuzungumza. Walikubaliana kodi ifike kabla ya tarehe 8 badala ya 5, wakaandika mstari mmoja chini ya mkataba, wote wawili wakatia sahihi. Siku iliyofuata alipita benki, akajaza fomu ya kuhamisha agizo la kudumu kutoka tarehe 1 hadi tarehe 6. Fomu mpya haifuti ya zamani yenyewe, kwa hiyo alijaza na ya kufuta, akasubiri karani aipige muhuri, akaja kunionyesha zote mbili.

Stakabadhi ya Mama aliiweka juu ya meza yangu pamoja nazo. Imeandikwa kwa wino wa bluu, kwa mkono unaotetemeka kidogo: shilingi 18,000, kodi imetimia, tarehe 16.